Kukaimu

Meneja aliniita asubuhi, kabla hata sijafunua taipureta, akaniambia nimwandikie barua ya uteuzi kijana mmoja aliyekuja kiwandani kwetu mvua za vuli zilipoanza. Alikuwa anamfanya msimamizi wa zamu. Aliitaja habari hiyo kama mtu anayeagiza chai.

"Na yule anayekaimu?" nikamuuliza.

"Nani?"

"Mama wa meza ya kwanza. Ndiye anayesimamia zamu tangu msimamizi aliyepita aondoke."

"Ah, yule. Arudi mezani."

Nilikuwa karani wa utumishi katika kiwanda cha kusafisha na kugandisha kamba, hawa kamba wa baharini, pale Kibiti, kando ya barabara kuu. Kilikuwa mali ya serikali, kikauzwa kwa mtu binafsi katika miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa kinauzwa. Mimi na mume wangu tulitoka bara. Yeye alipangiwa kufundisha shule ya Mtawanya, nami nikaja na cheti changu cha utumishi nikaomba kazi, nikapata. Kiwanda kizima waliniita Mama Mwalimu. Cheti kilikuwa changu, lakini jina walinipa la kazi ya mume wangu.

Kamba walivuliwa kwenye delta ya Rufiji. Wachukuzi waliwashusha kwenye kituo chetu kidogo huko kwenye mikoko, wakapimwa, wakafunikwa barafu, wakaletwa Kibiti kwa lori. Kwenye meza za kiwanda wanawake waliwaosha, wakawakata vichwa, wakawachambua kwa ukubwa. Karibu wote walikuwa Wandengereko na Wamatumbi wa hapo hapo. Walisimama kwenye maji ya barafu tangu asubuhi, vidole vimefura na kuchanika kwa miiba ya kamba. Wanaume wengi walikuwa chumba cha baridi na kwenye magari. Waliokuwa na madaraka, kuanzia msimamizi kwenda juu, wote walikuwa wanaume na wote walitoka bara, tena wengi wao walitoka wilaya moja na meneja. Wakikaa ofisini kwake kunywa chai walizungumza kikwao, na habari waliyoirudia kila siku kwa Kiswahili, ili tusikie, ni kwamba watu wa pwani ni wavivu. Niliisikia habari hiyo huku dirishani naona migongo ya wale wanawake, wameinama, hakuna hata mmoja aliyenyanyuka kujinyoosha.

Mama wa meza ya kwanza alikuwa Mndengereko wa Mbwara, mwanamke wa makamo, mrefu, asiyecheka ovyo. Kila msimamizi alipoondoka, yeye ndiye aliyeambiwa ashike zamu "kwa muda". Alishika. Alipanga watu, alipokea mzigo, alikataa kamba walioanza kulegea, alitia saini. Kisha akaletwa msimamizi mpya, naye akarudi kukata vichwa. Katika ofisi kitendo hicho kina jina zuri. Kinaitwa kukaimu. Mtu anafanya kazi yote ya cheo, ila cheo chenyewe hapewi.

Nilikwenda kumwambia mwenyewe. Nilimkuta akifunga aproni.

"Nirudi mezani?" aliuliza.

"Ndiyo, dada."

"Na huyo kijana anaijua kazi?"

Nilitikisa kichwa.

"Basi nitamfundisha mimi," akasema. "Ndivyo walivyokuambia, au hawajakuambia bado?"

Walikuwa hawajaniambia. Waliniambia mchana. Meneja alisema yule mama amwelekeze kijana kwa wiki chache, "maana ana uzoefu". Nilisimama mbele ya meza yake nikahisi masikio yanawaka moto.

"Kama ana uzoefu wa kumfundisha msimamizi," nikasema, "kwa nini asiwe msimamizi?"

Alinitazama kwa mshangao, kama aliyeona kiti kinazungumza.

"Mama, tuseme ukweli. Mwanamke wa hapa huyu. Kesho atakuwa na ngoma, keshokutwa na msiba, mwezi ujao mimba. Na zamu ya usiku? Sheria haitaki wanawake wafanye kazi viwandani usiku."

"Msimu uliopita kamba walipofurika, wanawake walikesha mezani. Sheria hiyo ilikuwa wapi?"

"Ile ilikuwa dharura."

"Kwa hiyo usiku wanaweza kukata vichwa, ila hawawezi kusimamia."

Akaweka kalamu chini. Kisha akashusha sauti, akawa kama ndugu. "Mama Mwalimu, wewe ni mtu wa bara kama sisi. Hawa unawatetea wa nini? Wangekuwa wao juu, wewe ungepata kazi hapa?"

Hilo liliniuma kuliko yote, kwa sababu lilikuwa mwaliko. Alikuwa ananikaribisha nikae upande wake, ninywe chai nao. Hakujua kwamba katika miaka yote ile sikuwahi kuitwa kwenye hiyo chai isipokuwa kuimimina.

Barua niliiandika. Ilikuwa kazi yangu, na kama ningekataa ingeandikwa na mwingine. Lakini nilipiga herufi za ile taipureta kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka, nikalazimika kuianza upya.

Yule kijana hakukaa. Alipata kazi Dar es Salaam kabla masika hayajaisha, akaondoka bila kuaga, kama wenzake waliomtangulia. Mbu, joto, na Kibiti yenyewe isiyokuwa na lolote la kumshika kijana wa mjini vilimshinda. Wakati huo huo msimamizi wa kituo cha delta naye akaacha. Mama wa meza ya kwanza akaitwa kukaimu zamu tena.

Safari hii mwenye kiwanda alikuja mwenyewe kutoka Dar es Salaam, amekasirika. Alituita ofisini: meneja, mimi, na mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi, mzee mmoja fundi wa jenereta. Alitaka kujua kwa nini wasimamizi wake hawadumu. Meneja alisema vijana wa siku hizi hawana uvumilivu. Mwenyekiti akakohoa. Mimi nikasema.

"Hawadumu kwa sababu si wa hapa na hawataki kuwa hapa. Wanaodumu wako mezani, na hakuna anayewauliza kama wanataka nafasi. Nafasi zikitokea hazitangazwi. Mtu tunamsikia siku anapokuja kukaa kwenye kiti."

"Unataka nini?" mwenye kiwanda akauliza.

Nilikuwa nimelifikiria jambo hilo usingizini na jikoni, kwa hiyo lilinitoka kwa mfululizo. Nafasi itangazwe kwenye ubao, kila mtu aione. Tangazo liseme kazi yenyewe ni ipi na inahitaji nini, wala lisiongezwe sifa zisizohusika. Waombaji wapimwe kwa kuifanya kazi hiyo. Wanaowapima wasiwe mtu mmoja. Awepo meneja, niwepo mimi, awepo mjumbe aliyechaguliwa na wafanyakazi. Na anayekosa aambiwe kwa nini amekosa, ili ajue la kujifunza.

Meneja alicheka. "Bosi, huu ni uchaguzi mkuu."

Mwenye kiwanda hakucheka. Sidhani kama haki ilimgusa hata kidogo. Alikuwa amechoka kupoteza wasimamizi. "Jaribuni," alisema. "Kwa nafasi hizi mbili."

Tangazo lilibandikwa. Siku ile watu walijazana ubaoni mpaka zamu ikachelewa. Wanaojua kusoma waliwasomea wasiojua. Mama wa meza ya kwanza aliomba usimamizi wa zamu. Kituo cha delta kiliombwa na watu kadhaa, na kati yao walikuwa wawili ninaotaka kuwasimulia.

Wa kwanza alikuwa mwanamume wa bara, mtu wa chumba cha baridi, mkimya, ambaye hakuwa wa wilaya ya meneja na kwa hiyo naye hakuwahi kufikiriwa. Wa pili alikuwa Mmatumbi aliyefanya kazi ya mapokezi kiwandani, akipima mzigo na kuandika. Polio ilimnyausha mguu mmoja utotoni, akatembea kwa gongo. Aliajiriwa enzi za serikali kwa ile sheria inayotaka kampuni kubwa ziajiri walemavu. Niliwahi kumuuliza meneja kwa nini mtu huyu hajapanda hata ngazi moja wakati aliokuja nao walishapanda wakastaafu. Alinijibu bila haya yoyote: "Sheria inasema tumwajiri. Haisemi tumpandishe."

Siku chache baadaye meneja aliongeza karatasi yake chini ya tangazo langu. Ilisema waombaji wa kituo cha delta watapimwa huko huko, maji yakipwa, kwa kupanda mtumbwini na kubeba kreti ya kamba kichwani kupitia matope hadi kwenye banda. Chini aliandika kwa herufi kubwa: MTIHANI NI MMOJA KWA WOTE.

Nilimkuta yule bwana wa mapokezi amesimama mbele ya ubao, ameegemea gongo lake.

"Mama Mwalimu," akasema, "hapa nimeandikwa mimi. Wameacha kutaja jina tu."

"Usiondoe maombi yako."

"Nikaanguke matopeni watu wanitazame?"

"Usiyaondoe," nikarudia. Sauti yangu ilitoka kali, akadhani nimemkasirikia yeye. Nilimwomba radhi.

Nilipanda lori la barafu kwenda delta. Nilitaka kuona kwa macho yangu msimamizi wa kituo hufanya nini. Kituo kilikuwa banda la mabati juu ya nguzo, ukingoni mwa mkono mmoja wa mto, mikoko pande zote, na harufu ya tope iliyonishika kooni. Mitumbwi ilikuja, wachukuzi wakateremka wakazama hadi magotini, wakaleta kreti bandani. Aliyekuwa akishikilia kituo kwa siku hizo alikaa kwenye stuli kando ya mizani. Alipima, alikagua, alikataa baadhi, akabishana na wavuvi, akaamuru barafu. Mabuti yake yalikuwa makavu.

Niliwauliza wachukuzi: "Wasimamizi waliopita walikuwa wanabeba kreti?"

Walicheka mpaka mmoja akaweka mzigo chini. "Msimamizi abebe? Yule wa mwisho alikuwa anabebwa yeye mwenyewe, asichafue suruali!"

Wenzake walicheka tena. Mimi sikuweza. Nilikaa kwenye kreti tupu, ghadhabu imenijaa. Kumbe mtihani uliosemwa ni mmoja kwa wote ulikuwa wa kazi ambayo haimo katika kazi. Ulitungwa makusudi upite juu ya kichwa cha kila mtu umwangukie mmoja.

Niliporudi niliomba kikao, na mwenyekiti wa kamati akaja na mafuta ya jenereta mikononi. Nilieleza nilichokiona. Meneja alisema: "Na siku wachukuzi wasipokuja? Msimamizi lazima aweze kila kitu."

"Wewe unaweza kuendesha lori la barafu?" mwenyekiti akamuuliza.

"Mimi ni meneja."

"Ndiyo. Na yeye atakuwa msimamizi."

Meneja alinigeukia mimi. "Unataka tumpendelee kilema."

"Sitaki umpendelee. Nataka umpime kwa kazi atakayoifanya, kama utakavyowapima wenye miguu miwili. Na pale bandani pana ubao mmoja mwembamba wa kupandia. Tuweke mbao pana na mkono wa kushikia. Wachukuzi wenyewe wameniambia huteleza kila siku."

Kikao kilikuwa kirefu na kichafu. Niliambiwa nimelishwa kitu na Wandengereko. Niliambiwa mume wangu anaweza kuhamishwa. Niligonga meza, jambo ambalo mwanamke hakuwahi kulifanya katika chumba kile, na kiganja kiliniuma mpaka jioni. Mwisho, kwa kuwa mwenyekiti alisema ataandika kwa mwenye kiwanda kwamba jaribio lake limevurugwa, meneja aliondoa karatasi yake. Fundi seremala akatengeneza ngazi ya mbao yenye mkono, na wa kwanza kuisifu walikuwa wachukuzi.

Tuliwapima. Zamu ya Kibiti haikuwa na ubishi. Mama wa meza ya kwanza aliendesha zamu nzima mbele yetu kama alivyoiendesha kwa miaka. Hata meneja alimpa alama, akazipa kwa kalamu iliyokuwa inakwaruza karatasi. Safari hii barua niliandika polepole. Nilipompa, aliisoma, akaikunja, akaitia kifuani ndani ya gauni. "Kwa hiyo si kwa muda?" aliuliza. Nikamwambia si kwa muda. Akaenda kunawa uso, akakaa huko kitambo.

Delta haikwenda nilivyotamani. Bwana wa mapokezi alipima na kukagua vizuri, lakini kwenye kukisia barafu ya kutosha mzigo wa siku mbili na kuelewana na wavuvi alikwama. Yule wa chumba cha baridi alimshinda waziwazi. Mimi mwenyewe nilimpa alama nyingi zaidi yule wa bara, na mkono haukusita, ila moyo ulikuwa mzito.

Wafanyakazi walinung'unika. "Mambo yale yale, mtu wa bara tena." Mama mmoja wa meza ya tatu aliniambia usoni kwamba nimewauza. Nikamjibu kwamba kazi imepatikana kwa kupimwa mbele ya mjumbe wao, na kama tunataka nafasi sawa, basi na mtu wa bara naye ana nafasi yake sawa. Alitema mate chini akaondoka. Nilimwelewa. Amedanganywa mara nyingi sana hata ukweli akiuona hautofautishi.

Nilikaa na bwana wa mapokezi kumweleza sababu, kama tulivyokubaliana.

"Barafu hukuikisia vizuri," nikasema, "na wavuvi huwajui."

"Ningeijulia wapi?" akauliza taratibu. "Kila mtu wa mapokezi alipelekwa delta kwa zamu. Mimi walisema siwezi. Nimeomba tangu ujana wangu. Sasa mnanikosesha kwa sababu sijafika ambako mlinizuia kufika."

Ndivyo ilivyokuwa. Unaweza kumpima mtu kwa haki kabisa leo, na bado ukapima dhuluma ya jana. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa meneja nikamwambia kuanzia juma linalofuata bwana yule anakwenda delta kujifunza kwa zamu kama wengine. Nadhani aliona uso wangu, kwa maana alisaini ruhusa hapo hapo.

Aliyemfundisha ni yule yule aliyemshinda. Walikaa pamoja bandani, mtu wa bara na Mmatumbi, wakabishana juu ya barafu kuliko wanandoa. Msimu uliofuata msimamizi yule alihamishiwa Kibiti kuongoza chumba cha baridi. Nafasi ikatangazwa, watu wakapimwa, na bwana wa mapokezi akaipata bila kubebwa na yeyote.

Vita havikuisha. Mama wa meza ya kwanza, wakati huo tukimwita Mama Zamu, alipata mimba akiwa hakuitarajia tena. Meneja alikuja ofisini kwangu karibu anakimbia, kwa furaha. "Nilikuambia! Sasa tutafute mtu wa kudumu."

"Anakwenda likizo ya uzazi," nikasema. "Yenye malipo, kwa sheria. Atakaimiwa, kisha atarudi kwenye kiti chake."

"Na nani atakayekubali kukaimu?"

"Tafuta mwanamume. Naye aone ladha yake."

Alikaimu kijana mmoja wa magari, mpole, na Mama Zamu aliporudi na mtoto mgongoni kijana alimpisha bila kinyongo. Tulimpatia muda wa kunyonyesha katikati ya zamu. Kulikuwa na manung'uniko ya wanaume kwa mwezi mzima, kisha wakachoka.

Miaka michache baadaye meneja aliondoka. Kiti chake hakikutangazwa. Niliandika kwa mwenye kiwanda kukiomba, na alipokuja niliingia kumwona. Alinipokea vizuri, akaniagizia soda.

"Mama, kazi yako nzuri sana. Lakini meneja nimeshampata. Mdogo wangu wa kiume."

"Alipimwa na nani?"

"Hayo ya kupimana ni ya huko chini," akasema huku akitabasamu. "Huku juu ni imani."

"Basi niambie sababu ya mimi kukosa."

"Wewe ni mama wa familia. Mumeo akihamishwa kesho?"

"Mume wangu amekaa Mtawanya kuliko meneja yeyote uliyemleta hapa."

Akatazama saa. Soda sikuinywa. Niliinuka nikamwambia, kwa sauti ambayo karani wa nje aliisikia, kwamba ngazi aliyoiweka ina vipandio chini tu, na juu kuna ukuta, na mimi nimeupiga kichwa. Alisema nitulie. Sikutulia, wala sijatulia mpaka leo ninapoandika haya.

Sikuacha kazi. Ningeacha, mdogo wake angeweka mtu wa kuandika barua bila kuuliza. Nilibaki nikatangaza kila nafasi niliyoruhusiwa kuitangaza, nikakaa kwenye kila usaili, na kila mwaka nikampelekea mwenye kiwanda ombi kwamba utaratibu upande mpaka juu kabisa. Kila mwaka alilikataa. La mwisho nililiandika wiki niliyostaafu. Mama Zamu alikuja ofisini akalisoma, akaniomba kalamu, akaweka saini yake chini ya yangu, kisha akalitoa nje kwenda kuwasainisha wengine kwenye meza.